Kikombe Kilichomwagika Barazani

Siku ya 16 tangu uache sigara kahawa ilikumwagikia.

Tulikuwa barazani baada ya alasiri. Karafuu za jirani zimeanikwa juu ya majamvi mpaka njia imebaki ya kupita mtu mmoja, na Wete nzima inanukia. Muuza kahawa alikumiminia kutoka kwenye dele, ukakipokea kikombe kwa vidole viwili kama siku zote, na kabla hakijafika mdomoni kahawa yote ikawa juu ya kanzu. Kanzu nyeupe, mpya, umeishona kwa mkono wako.

Watu walicheka. Mzee mmoja akasema, "Sigara hiyo inakudai." Ukatabasamu, ukafuta, ukaondoka hata magharibi haijaadhiniwa.

Mimi sikucheka, sahibu yangu. Niliutazama ule mkono.

Wewe ni fundi cherehani. Mkono wako nimeuona ukipitisha uzi kwenye tundu la sindano gizani, umeme umekatika, kwa mwanga wa simu. Mkono huo hautetemeki kwa jambo dogo. Na kilichonisumbua zaidi ni hesabu: siku ya 16 nikotini ilikuwa imeshatoka mwilini mwako kitambo. Sasa nini kilikuwa kinautikisa?

Swali hilo nimekaa nalo wiki mbili. Leo umetimiza siku 30, na umeniruhusu niandike kwa sharti nisilitaje jina lako. Naandika kwa ajili yako kwanza. Atakayesoma na akajiona humu, basi ni yake pia.

## Siku zilizotarajiwa

Mwanzo haukunitia hofu, kwa sababu mwanzo ulikwenda kama unavyokwenda kwa kila mtu.

Ulikuwa mtu wa sigara 12 kwa siku. Hukununua pakti hata mara moja. Ulinunua moja moja pale dukani, na nyingine zikiandikwa kwenye daftari la deni. Nikotini ya sigara moja hupungua nusu kila baada ya saa 2 hivi, kwa hiyo mvutaji wa siku zote anapoamka asubuhi damu yake imeshapungukiwa, na ndiyo maana sigara ya baada ya alfajiri ndiyo tamu kuliko zote. Ukiacha kabisa, baada ya siku 2 au 3 nikotini yenyewe imekwisha. Ndipo arosto inapokuwa kali kuliko siku zote.

Siku ya pili ulimkaripia kijana anayejifunza kazi kwako mpaka akatoka nje akakaa kivulini. Siku ya tatu ulikata shingo ya kanzu upande, ukaitupa kalamu ya chaki. Siku ya nne ulimwendea yule kijana kwao ukamtaka radhi mbele ya mama yake. Hili ulinisimulia kwa haya, lakini mimi naliweka katika hesabu ya ushindi wako, tena juu kabisa.

Kufikia siku ya 10 hasira ilikuwa imetulia. Ulikula vizuri. Uliniambia usiku mmoja imepita saa nzima hukuikumbuka sigara, na ulipokumbuka ulishtuka kwamba ulikuwa hukukumbuka.

Kisha mambo yakageuka. Usingizi ukakimbia. Moyo ukawa unadunda ukilala ubavu wa kushoto. Ukaja mkono.

Ukaniandikia ujumbe saa 6 usiku: "Mbona inazidi badala ya kupungua?"

Sikujibu usiku ule. Nilijifanya nimelala.

## Kwa nini sikujibu

Nilikuwa naujua ule ujumbe. Miaka minne nyuma nilijiandikia mwenyewe, kichwani mwangu, maneno yale yale.

Mimi nilifika siku ya 26. Na mimi nilikuwa silali, na mimi moyo ulikuwa unanienda mbio nimekaa tu. Nikasema, kama siku 26 hazikutosha kuutuliza mwili, basi mwili huu hautatulia tena. Umeshaumbika upya na sigara ndani yake. Nilivuta moja, ufukweni, karibu na ngalawa zilizopandishwa. Sikuvuta kwa sababu ya utamu. Nilivuta kwa sababu niliamini ninachokisikia ni dai la sigara, na dai hulipwa.

Kesho yake nilivuta tatu. Wiki haikwisha nikarudi kwenye kiwango changu cha zamani, na ikanichukua zaidi ya mwaka kujaribu tena.

Kwa hiyo nilipousoma ujumbe wako niliogopa. Niliogopa nikikwambia "vumilia" nitakuwa nakupa neno lile lile nililopewa mimi, neno lisilofungua chochote. Na niliogopa pia kukwambia kitu nisichokijua sawasawa, kisha kikakuangusha.

Asubuhi nilimpigia binti ami yangu, ambaye ni mfamasia.

## Swali aliloniuliza

Sikumaliza kueleza. Alinikatiza kwa swali moja.

"Anakunywa kahawa ngapi?"

Nilidhani anabadilisha mazungumzo. Nikamwambia kwamba kahawa haina shida, mtu huyu kahawa amekunywa tangu hajaota ndevu, na vikombe vyenyewe ni vile vidogo vya barazani. Akasema, "Ndiyo hapo hapo. Kahawa haikubadilika. Ini lake limebadilika."

Akanieleza hivi, na nikamwomba arudie mpaka nikaelewa.

Kafeini inavunjwa na ini. Kwenye ini kuna kimeng'enya kimoja kinachofanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Moshi wa sigara, na hasa zile kemikali za lami zinazotokana na kuungua, hulilazimisha ini litengeneze kimeng'enya hicho kwa wingi kuliko kawaida. Mvutaji, kwa hiyo, anaitoa kafeini mwilini haraka. Anakunywa kahawa usiku na analala. Anaona ana kifua cha kahawa, kumbe ni moshi unaoichoma kahawa kabla haijamfanyia kitu.

Sigara ikiachwa, ini halina tena sababu ya kutengeneza kimeng'enya kile kwa wingi. Ndani ya siku chache, wiki hivi, hurudi katika kiwango cha mtu asiyevuta. Mtu ameacha sigara, lakini kahawa hakuiacha, na kila kikombe sasa kinakaa mwilini karibu mara mbili ya muda wa mwanzo.

Nikamuuliza kama hilo linatokea pia kwa anayeacha kwa msaada wa plasta za nikotini. Akasema ndiyo, kwa sababu nikotini haihusiki hapo, ni moshi. Akaongeza jambo ambalo sikulitegemea: kuna dawa zinazopita njia hiyo hiyo ya ini. Aliyezoea vidonge vya aminofilini kwa ajili ya pumu, au anayetumia olanzapini au klozapini kwa maradhi ya akili, akiacha sigara dozi ile ile inaweza kumzidi. Huyo amwambie daktari wake kwamba anaacha, kabla hata ya siku ya kwanza. Wewe hunywi dawa yoyote, lakini nimeliandika kwa sababu najua nani na nani wanaosoma hapa.

## Vikombe tisa

Nilikuja dukani kwako na karatasi. Ulinitazama kama nimekuja kukudai.

Tulihesabu pamoja. Vikombe 2 baada ya alfajiri, saa 12. Vikombe 4 barazani baada ya alasiri, saa 10. Vikombe 3 baada ya isha, saa 2 usiku. Tisa. Ulishangaa mwenyewe, maana hakuna anayevihesabu. Muuza kahawa anamimina, mazungumzo yanaendelea.

Kisha tukajiuliza: saa 6 usiku, unapolala chali ukitazama dari, ndani yako kumebaki vikombe vingapi?

Kwa mvutaji, kafeini hupungua nusu kwa saa 3 hivi. Kwa asiyevuta ni saa 5 au 6. Watu hawafanani, kwa hiyo tuchukue 3 na 6 kama mfano tu. Ulipokuwa unavuta, vile 3 vya isha kufikia saa 6 usiku vilikuwa vimeshapungua mpaka kidogo zaidi ya kikombe kimoja, na vile 4 vya alasiri vimebaki kama nusu kikombe na kidogo. Vya alfajiri havikuwepo tena. Jumla haikufika vikombe 2.

Sasa hivi, kwa vikombe vile vile tisa, vya isha vimebaki karibu 2, vya alasiri kikombe kimoja na nusu, na hata vya alfajiri vimeacha robo. Vinakaribia 4.

Ni kama kila usiku saa 6 mtu anakuamsha na kukunywesha vikombe viwili vya ziada, kisha anakwambia lala.

Ulinyamaza muda mrefu. Ukasema, "Kwa hiyo si sigara."

Nikakwambia si sigara yote. Na hapo ndipo tulipoanza kazi ya kweli, ya kutenganisha.

## Kuitambua kila moja kwa sura yake

Hamu ya sigara ina mwanzo. Huwa inaitwa na kitu: harufu, mtu, saa, kikombe mkononi, mwisho wa mshono mrefu. Inapanda haraka, inafika juu, na ukiiacha bila kuilisha inashuka ndani ya dakika chache, mara nyingi hazizidi 10. Na inajua inachokitaka. Haitaki maji wala haitaki chakula. Inataka sigara.

Kahawa iliyozidi haiiti kitu. Inakuja polepole baada ya kunywa, inakaa saa nyingi, na ina alama zake: vidole vinatetemeka, moyo unadunda, mkojo wa mara kwa mara, mawazo yanakimbizana, usingizi haupo. Ukijiuliza "nataka nini?" hupati jibu. Kwa mtu aliyevuta miaka 17, jibu linajitokeza lenyewe hata kama halikuulizwa, kwa sababu kila kutotulia kwa miaka 17 kulitibiwa kwa kitu kimoja.

Hapo ndipo mimi nilipoangukia. Nilisikia mwili unatikisika, nikaupa jina la sigara.

Jaribio tulilolipanga lilikuwa dogo. Kupunguza, si kuacha, maana anayekata kahawa ghafla naye hupata arosto yake: kichwa kinauma ndani ya siku ya kwanza au ya pili, na kwako wakati ule kichwa kuuma kingekuwa ushahidi mwingine wa uongo dhidi yako. Tulikubaliana 1 asubuhi na 3 alasiri, na baada ya isha hakuna kitu. Ukilikosa joto la kikombe mkononi, shika kikombe cha mchaichai ambacho hakikutiwa majani ya chai.

Usiku wa kwanza hukulala. Wa pili hukulala, na nikaanza kuwa na wasiwasi kwamba nimekupa matumaini ya bure. Niliwaza, kama hili halikufaa, hatanisikiliza tena kwa lolote, na nitakuwa nimemharibia hata yale mazuri.

Siku ya tatu hukuniandikia usiku. Asubuhi saa 3 ndipo ulipoandika: "Nimelala mpaka imeadhiniwa."

Niliusoma ujumbe huo mara nyingi.

## Lakini hamu ilibaki

Hili lazima niliseme wazi, kwa sababu wewe mwenyewe ulilisema wazi. Mkono ulitulia, usingizi ukarudi, na bado kufikia siku ya 24, 25, 26, hamu ilikuwa inapanda badala ya kushuka. Hii ilikuwa hamu yenyewe, yenye sura yake: inaitwa, inapanda, inajua inachokitaka.

Kahawa haikuieleza hiyo. Nilirudi nyuma tena kutafuta.

Nililipata jibu kwa bahati, tumekaa, ulipomwambia yule mzee kwa furaha kabisa: "Nikifika 30 nitavuta moja. Nitakuwa nimefunga mwezi, na mimi nisherehekee Idi yangu."

Ulikuwa umejiwekea miadi. Tangu wiki ya pili, kumbe.

Kumbuka Ramadhani. Umevuta miaka 17, na kila Ramadhani ulikaa tangu daku mpaka magharibi, zaidi ya saa 13, bila sigara. Saa 4 asubuhi hukuteseka. Saa 8 mchana ulikuwa unashona. Ulianza kuteseka lini? Kwenye nusu saa ya mwisho, muhogo ushaiva, masikio yote yanasubiri adhana. Kama hamu ingekuwa inatokana na nikotini kupungua tu, ingeanza asubuhi na kupanda kidogo kidogo. Lakini ilikaa kimya ulipojua kwamba haiwezekani, ikainuka ilipojua kwamba inakaribia kuruhusiwa.

Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2010 juu ya wahudumu wa ndege wavutaji. Safari zao nyingine zilikuwa za saa 10 hadi 13, nyingine fupi za saa 3 hadi 5 na nusu. Hamu yao ilipimwa njiani. Ilionekana kwamba ilipanda kila ndege ilipokaribia kutua, safari iwe ndefu au fupi. Mtu wa safari fupi, mwishoni mwa safari yake, alikuwa na hamu kubwa kuliko mtu wa safari ndefu aliyekaa muda ule ule bila kuvuta lakini bado yuko mbali na kutua.

Wewe siku ya 26 ulikuwa unakaribia kutua.

Kila siku iliyokusogeza kwenye 30 ilikusogeza pia kwenye ile moja. Baraza zima likawa linahesabu pamoja nawe, kwa nia njema, na kila aliyesema "bado nne" alikuwa anakusikilizisha adhana.

Sikutaka kukwambia. Ile moja ilikuwa ndiyo iliyokufikisha pale, au ndivyo ulivyoamini, na mimi nilikuwa nani wa kukunyang'anya? Nilizunguka nalo siku mbili. Mwisho nilikuambia tukitembea kutoka msikitini, na nilikwambia kwa sababu ya ngalawa zile, kwa sababu ya moja yangu.

Hukukubali. Ulisema, "Moja haimrudishi mtu."

Nikakwambia sijui kuhusu mtu. Najua kuhusu ubongo wa mvutaji. Nikotini kwa miaka inaufanya ubongo uongeze vipokezi vyake, kama duka lililoongeza wahudumu kwa ajili ya wateja wengi. Wateja wakiacha kuja, wahudumu hawaondoki siku hiyo hiyo. Hupungua taratibu, na inachukua baina ya wiki 6 na 12 kurudi katika idadi ya asiyevuta. Siku ya 30 ni wiki 4 na siku 2. Wengi wao bado wapo, wamekaa wanatazama mlangoni, na moja inatosha kuwasimamisha wote.

Tulitembea kimya mpaka penye mwembe.

Kisha ukasema, "Basi niambie, kama hakuna Idi, naifanyaje siku hiyo?"

Sikuwa na jibu. Nilikwambia tuifikirie.

Usiku ule uliifuta miadi peke yako. Ulimwandikia yule mzee kwamba hesabu ya 30 imefutwa, kwamba wewe huhesabu tena kwenda kwenye kitu, unahesabu kutoka. Siku ya 28 na 29 uliniambia hamu imekuja mara mbili tu, mara moja barazani na mara moja baada ya kumaliza kanzu ya harusi. Mara mbili kwa siku mbili. Siku ya 26 peke yake zilikuwa zimezidi 10, ulizichora kwa chaki kwenye meza ya kukatia.

## Wanaokupa kwa mapenzi

Kuna hatari moja inayokuja ikiwa imebebwa na watu wanaokupenda. Shangazi yako alikupa tambuu. "Tafuna, itakutoa hamu." Na ni kweli ingeitoa, kwa sababu ndani yake, pamoja na popoo na chokaa na katu, kulikuwa na tumbaku. Nikotini haijali imeingia kwa moshi au kwa ufizi. Na popoo yenyewe, hata bila tumbaku, inasababisha saratani ya kinywa. Uliipokea kwa mikono miwili, ukambusu mkono, ukaiweka mfukoni. Sijui ulipoitupa, lakini nilipenda namna ulivyomlinda asiaibike.

Vijana wa mjini wakakwambia shisha haina neno kwa kuwa ina maji. Maji yanaupoza moshi tu. Nikotini inapita, na hewa ya sumu ya makaa inapita.

Ulichokichagua mwenyewe ni karafuu. Chembe moja, kavu, kati ya gego na shavu. Inawasha kidogo, inatia ganzi ulimi, na zile dakika chache za hamu zinapita mdomo ukiwa na shughuli. Zaidi ya chembe moja moja kinywa kinachubuka, hilo umeshalijua. Kuna jambo huwa nalifikiri kila nikikuona unazichagua kwenye jamvi: kwa miaka mingi karafuu za visiwa hivi zilisafirishwa kwenda Indonesia kutiwa ndani ya sigara za kretek. Hii ya mdomoni mwako imekwenda njia ya pili.

## Kikohozi

Kifupi tu, kwa sababu kilikutisha. Wiki ya tatu ulianza kukohoa makohozi kuliko ulipokuwa unavuta. Vinyweleo vidogo vinavyosafisha njia ya hewa vilikuwa vimelemazwa na moshi, na vinapoamka huanza kufagia kilichokaa. Hiyo ndiyo mara nyingi sababu yake. Lakini kwetu kikohozi cha wiki 2 na zaidi hakikisiwi nyumbani, mtu anakwenda kupimwa kifua kikuu, na mvutaji ana sababu zaidi ya kwenda. Ulikwenda, ukatoa makohozi, ukasubiri, ukaambiwa huna. Kukubali kwenda kupima ukiwa na hofu ile nalo nimeliandika kwenye orodha yako.

## Yaliyomo kwenye kibubu

Umeniuliza jana kama sigara 12 kwa siku 30 ni nyingi. Ni 360. Pakti 18. Fedha yake uliitia kwenye kibubu kila jioni pale pale ulipokuwa ukienda dukani kununua ya usiku, na daftari la deni limefungwa, ukurasa wako umepigwa mstari. Mwenye duka alikuonyesha.

Lakini kuna vingine ambavyo havikuingia kibubu. Mteja aliyekuletea kitambaa cha kanzu ya baba yake akakipokea kimeshashonwa, akakinusa mbele yako kama alivyozoea, na hakusema kitu. Zamani angesema. Mwanao mdogo amerudi kulala kifuani kwako mchana. Na ile hitma ya wiki iliyopita, ulikaa nje usiku mzima na wavutaji sita, ukitia karafuu moja baada ya nyingine, ukarudi nyumbani na kinywa kimechubuka na hukuvuta. Uliponisimulia ulisema, "Nilikaribia." Mimi nilisikia kwamba hukuvuta.

Najua hamu itarudi. Itarudi siku ambayo hukuitegemea, labda baada ya miezi, kwenye boti ya kwenda Unguja, mtu amesimama upande wa upepo. Itakuja na sura yake ile ile, na utaijua, na utazitazama dakika zake zikipita. Na ukianza kutetemeka bila kujua unataka nini, kabla hujaupa mtikisiko ule jina, hesabu vikombe.

Leo alasiri ndiyo siku ya 30 yenyewe. Nimepita asubuhi kwa muuza kahawa nikamwambia chako ni 3, cha nne akimimine mbele yangu. Mzee amesema ataleta kashata badala ya hesabu. Mimi nitakaa upande wa mashariki wa baraza, mahali ulipokuwa ukikaa ulipokuwa unavuta ili moshi usitupate.

Wewe njoo ukae katikati.